Kukagua friji ya mtumba: kaa nayo saa mbili kabla hujatoa hela

Mara nyingi mnunuzi akifika dukani anakuta friji imeshawashwa. Akifungua mlango ubaridi unampiga usoni, taa inawaka, friza ina barafu, na kinachobaki ni kupatana bei. Lakini friji iliyokutwa ikifanya kazi imethibitisha jambo moja tu, kwamba ikiachwa usiku kucha bila kufunguliwa inaweza kupoa. Haijaonyesha inapoa kwa kasi gani, haijaonyesha inavyoanza kuwaka, na haijaonyesha kama itawaka tena umeme ukikatika na kurudi ikiwa ya moto. Hitilafu za gharama kubwa zinajificha hapo. Kwa hiyo dai muda: piga simu siku moja kabla, omba friji izimwe tangu usiku na mlango uachwe wazi, kisha upange kukaa nayo saa mbili.

Nenda na vitu vichache: simu yenye tochi, noti moja ya karatasi, kipimajoto kidogo cha friji, glasi mbili, na kitambaa. Ukiweza kwenda na fundi mwenye mita ya kubana waya, ile inayosoma ampea bila kukata waya, ni bora zaidi. Ukifika, gusa kompresa kwa nyuma chini, lile dude jeusi la mviringo ambalo wengine huliita mota. Liwe na joto lilelile la chumba. Likiwa la moto, friji imezimwa muda mfupi uliopita, na jaribio lako halijaanza sawasawa.

Lebo kabla ya waya

Tafuta lebo, ambayo huwa ubavuni ndani ya friji au mgongoni. Kwanza soma umeme: hapa kwetu tunatumia volti 220 hadi 240 na mzunguko wa 50 Hz. Friji iliyoandikwa 115 V au 100 V, ambayo hutoka Marekani au Japani, itahitaji transfoma maisha yake yote, hivyo iache. Pili, soma ampea na aina ya gesi pamoja na uzito wake, mfano R600a 55 g. Ikumbuke namba hiyo, utaihitaji baadaye.

Tatu, tafuta herufi za tabaka la hali ya hewa, kitu ambacho wanunuzi wengi hawakiangalii kabisa. SN na N zimetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi joto 32, ST hadi 38, na T hadi 43. Baadhi ya friji zinazotoka Ulaya ni za N au SN. Ukiiweka jikoni Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, friji hiyo inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikazunguka bila kupumzika huku uniti za umeme zikiisha. Ikiandikwa SN-T, inabeba mawanda yote hayo.

Sauti za dakika ya kwanza

Kabla ya kuchomeka, uliza umeme wa duka ukoje. Ukiwa chini ya volti 190 hivi, au friji imeunganishwa na waya mrefu mwembamba unaobeba pia feni na redio, hata kompresa nzima inaweza kugoma. Chomeka kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja.

Sasa washa, zungusha themostati hadi katikati, sogeza sikio karibu na kompresa. Friji ya kawaida inatoa mshtuko mdogo, kisha inatulia kwenye mvumo mmoja wa chini usiobadilika. Baada ya dakika moja au mbili utasikia mchuruziko na vibubujiko ndani ya kuta. Hiyo ni gesi inayotembea, wala si kasoro.

Sauti ya kuogopa ni hii: kompresa inaunguruma kwa nguvu sekunde 5 hadi 10 bila kuanza, kisha inalia "tak" na kuwa kimya, halafu baada ya dakika chache inarudia. Ile "tak" ni kinga ya joto inayokata umeme kwa sababu kompresa imeshindwa kuzunguka na inavuta umeme mwingi. Sababu inaweza kuwa ndogo, yaani rilei ya kuwashia, ambayo ni kifaa cha bei nafuu kilichobanwa ubavuni mwa kompresa. Fundi akiichomoa, umeme ukiwa umetolewa, na kuitikisa, ikilia kama ina changarawe ndani basi imevunjika. Lakini rilei ikiwa nzima, kompresa yenyewe imekwama au waya zake za ndani zimeungua, na kuibadilisha mara nyingi kunakula sehemu kubwa ya bei uliyopanga kununulia friji nzima.

Zipo sauti za njuga ambazo hazina maana yoyote. Bomba la nyuma likigusana na bodi, au sinia la maji lililolegea juu ya kompresa, linatikisika na kulia. Likandamize kwa kidole. Kelele ikikoma, umepata jibu. Mgongano wa chuma kwa chuma unaotoka ndani ya kompresa yenyewe hauzimiki kwa kidole, na huo ni uchakavu.

Kama fundi ana mita, asome ampea kompresa ikishatulia. Friji nyingi za nyumbani hukaa chini ya ampea 1.5, karibu na ile ya kwenye lebo au chini yake kidogo. Ikizidi lebo kwa mbali, kompresa inateseka. Ikiwa chini mno, karibu nusu ya lebo, kompresa inazunguka bila mzigo, na swali ni gesi iko wapi. Friji za inveta hazifuati kipimo hiki, kwa kuwa zinaanza taratibu na kubadilisha kasi zenyewe. Kwa hizo tegemea zaidi kipimo cha kupoa.

Kasi ya kupoa

Weka glasi yenye maji nusu ndani ya friza, weka kipimajoto ndani ya glasi nyingine ya maji kwenye rafu ya kati ya friji, funga milango. Maji yanasoma vizuri kuliko hewa, maana hewa hubadilika kila mlango unapofunguliwa. Mwombe muuzaji naye asifungue kila mteja anapopita.

Dakika 10 hadi 15 za mwanzo zinatosha kukueleza mengi kwa mkono tu. Gusa kuta za pembeni za friji kwa nje, au ule wavu wa mabomba mgongoni kama ni ya zamani. Zianze kuwa za moto, kwa sababu hapo ndipo joto lililotolewa ndani linatupwa. Kompresa ikizunguka na kuta zikabaki baridi, gesi haipo ya kutosha au kompresa imechoka na haisukumi. Kutofautisha haya mawili kunahitaji geji ya fundi, lakini kwa mnunuzi jibu ni moja: usilipe.

Kwenye friza ya kawaida isiyo ya nofrosti, yaani isiyoyeyusha barafu yenyewe, lowesha kidole na uguse ukuta wa ndani baada ya muda huohuo. Kidole kianze kunata. Baada ya nusu saa angalia ukungu mweupe wa barafu umetandaa vipi. Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote ambazo hazihitaji kifaa. Gesi huingia kwenye paneli ya friza kwa upande mmoja na kutokea upande mwingine. Ikiwa inatosha, ukungu unatanda karibu paneli nzima. Ikiwa pungufu, inaishia njiani: utaona barafu kwenye kona moja karibu na inapoingilia, na sehemu iliyobaki ina unyevu tu au kavu kabisa.

Chukua mfano. Friji ya milango miwili, lita 210, lebo inasema R600a 55 g na ampea 0.8, duka lina nyuzi joto 30. Imewaka vizuri, haina kelele. Dakika ya 15 kuta za pembeni ni vuguvugu kidogo tu. Dakika ya 30 ukungu umefunika kama theluthi ya paneli, upande wa kushoto. Mita inasoma ampea 0.4. Baada ya saa moja maji ya friza hayana hata utando wa barafu, na kipimajoto cha chini kimetoka 29 hadi 24. Muuzaji anasema, "Hii inataka gesi kidogo tu, kaka, fundi anaongeza hapa hapa."

Gesi ya friji haichakai wala haitumiki ikaisha. Imefungwa ndani ya mabomba yaliyounganishwa kwa moto kiwandani, na inapaswa kubaki humo maisha yote ya friji. Ikipungua, kuna tundu. Kuongeza bila kuziba tundu ni kununua wiki au miezi michache. Tena kwa R600a kiasi chenyewe ni kidogo mno, kwa hiyo upungufu wa gramu 15 tu unabadilisha kila kitu, na fundi anayejaza kwa kukisia badala ya kupima kwa mizani hawezi kukupa friji iliyo sawa. R600a pia inashika moto, ndiyo maana lebo ina pembetatu ya njano yenye mwali. Kuchomelea bomba huku gesi bado imo ndani ni hatari ya kweli. Friji ya mfano huu iachwe, hata bei ikishushwa.

Friji nzima katika duka hilohilo ingeonyesha kuta za moto, ukungu uliotanda, utando wa barafu kwenye nusu glasi ndani ya saa moja au zaidi kidogo, na maji ya chini yakiendelea kushuka bila kusimama. Usitegemee kuona nyuzi 18 chini ya sifuri ndani ya saa mbili kwenye joto la pwani. Tafuta mwelekeo usiokoma.

Kwa nofrosti, barafu imefichwa nyuma ya paneli ya plastiki. Bonyeza swichi ya mlango kwa kidole usikie feni ikizunguka, kisha weka mkono kwenye matundu ya hewa upande wa friji uone kama ubaridi unafika. Angalia pia skrubu za paneli hiyo: zikiwa zimechubuka vichwa, mtu ameshaifungua, na mara nyingi ni kwa sababu hita ya kuyeyusha barafu au kihisi chake kimekufa. Tatizo hilo huchukua siku kadhaa kujitokeza tena, friza ikigandisha vizuri huku chini kukiwa na joto.

Mpira wa mlango, wakati unasubiri

Saa ya pili si ya kukaa bure. Anza na mpira. Weka noti kati ya mpira na fremu, funga mlango, kisha uivute polepole. Inatakiwa itoke kwa kubishana. Rudia kila baada ya kiganja kimoja kuzunguka mlango mzima, na usisahau upande wa bawaba, ambao ndio watu huuruka na ndio mpira hujikunja zaidi. Halafu weka simu ndani ikiwa imewasha tochi, ikielekea mpira, funga, zima taa za duka au funika kichwa kwa kitambaa, utafute mstari wa mwanga.

Ikivuja sehemu moja, usikimbilie kulaumu mpira. Tazama mlango kwa mbele: kama umeinama upande wa kishikio, bawaba imelegea au bushi yake ya plastiki imelika, na kuikaza kunaweza kumaliza tatizo. Mlango ukiwa sawa, vuta mdomo wa mpira kwa vidole na uachie. Ukirudi mahali pake ni mzima, labda umekunjika tu kwa kukaa stoo, na maji ya moto kwenye kitambaa au upepo wa draya ya nywele utaurudishia umbo lake. Ukibaki ulivyovutwa, au una nyufa za pembeni ukigeuzwa, umekufa. Weusi wa kuvu unasafishika, ugumu hautibiki.

Friji yenye mpira uliokufa si lazima uiache. Mpira unabadilishwa, lakini hakikisha kwanza unapatikana kwa modeli hiyo, kwa sababu uliokatwa na kuungwa kutoka friji nyingine mara nyingi huvuja kwenye kona. Hewa yenye unyevu inayopenya hapo ndiyo inayojenga barafu nene mbele ya friza na kuifanya kompresa isipumzike.

Kutu: ipi ni sura, ipi ni ugonjwa

Kutu ya juu juu kwenye mlango ni suala la sura na bei. Inayoua friji ni ile iliyo karibu na mabomba, kwa kuwa sehemu kubwa ya mabomba hayo ni ya chuma.

Sehemu ya kwanza ni fremu ambayo mpira unagusa, hasa ile ya kati baina ya friza na friji. Kwenye friji nyingi nyuma ya bati hilo linapita bomba la moto ili kuzuia fremu isitoe jasho. Maji ya samaki na chumvi yakichuruzika kutoka friza yanakaa hapo. Fungua mkunjo wa mpira na uchungulie fremu kwa tochi; bonyeza kwa dole gumba palipovimba rangi. Bati likibonyea au kumeguka, bomba liko hatarini au limeshatoboka, na limezikwa ndani ya povu ambako fundi hafiki. Akitaka kukusaidia hulikata na kuliruka. Dalili yake ni kwamba baada ya nusu saa ya kuwaka fremu ya kati haina joto lolote, na siku za unyevu italowa maji. Zipo friji ambazo hazikuwekewa bomba hilo tangu mwanzo, kwa hiyo fremu baridi peke yake haitoshi kuihukumu.

Sehemu ya pili ni chini nyuma, karibu na kompresa. Pangusa vumbi utazame viungo vya mabomba. Doa la mafuta yaliyoshika vumbi kwenye kiungo ni ushahidi wa tundu, maana gesi ikitoka hubeba mafuta ya kompresa. Kagua pia miguu na bati la chini linalobeba kompresa, ambalo kwa friji zilizokaa pwani huoza kutokana na maji ya sinia. Rangi mpya inayong'aa sehemu hii, wakati sehemu nyingine imefifia, imepakwa kuficha kitu.

Hapohapo tafuta alama za ufundi uliopita: kiungo kilichochomelewa upya, valvu ya kujazia iliyoachwa kwenye bomba fupi la kompresa, kichujio kipya cha shaba kwenye mwili wa zamani. Kazi iliyofanywa vizuri si kosa, lakini uliza nini kilitengenezwa na gesi gani iliwekwa. Lebo ikisema R600a na kompresa ikawa imeandikwa R134a, mfumo umechanganywa na ukubwa wa kompresa umekisiwa. Ndani ya friza tafuta gundi ngumu iliyobandikwa ukutani. Ukiikuta, kuna mtu alichokoa barafu kwa kisu akatoboa.

Kuwasha ikiwa ya moto

Saa mbili zikikaribia, kompresa ni ya moto kiasi kwamba mkono hauvumilii zaidi ya sekunde chache. Hali hiyo ni ya kawaida. Sasa zima, subiri dakika 5 kamili, washa tena. Usipunguze dakika hizo: presha ndani ya mabomba inahitaji kusawazika na rilei inahitaji kupoa, na ukiwasha mapema hata friji mpya itaunguruma na kukata. Baada ya dakika 5 friji nzima inaanza mara moja. Kompresa iliyochoka, ambayo asubuhi iliwaka bila shida, ndipo inaposhindwa. Kwa nyumba ambayo umeme unakatika na kurudi, hiyo ni friji itakayooza nyama mara ya kwanza umeme ukikatika mchana.

Jaribio hili la mwisho likifeli pamoja na volti nzuri, au ukungu haukutanda, au fremu imeoza, ondoka. Mpira, rilei, themostati, taa na rafu ni vitu vya kupunguzia bei.

Kuna hitilafu mbili ambazo saa mbili haziwezi kuzionyesha. Moja ni ile ya kuyeyusha barafu kwenye nofrosti. Nyingine ni unyevu ulioingia mfumo ulipofunguliwa: friji inapoa vizuri kwa saa kadhaa, kisha tone la maji linaganda kwenye bomba jembamba la kapilari na kila kitu kinasimama, ukiizima barafu inayeyuka, inafanya kazi tena. Kwa sababu ya hizi mbili, risiti iandikwe modeli, namba ya friji na angalau wiki mbili za kurudisha. Isafirishe ikiwa imesimama. Ikilazimika kulala, ikifika isimamishe na uiache usiku mzima kabla ya kuichomeka. Wiki ya kwanza soma kipimajoto kila asubuhi na jioni: rafu ya kati ikae kati ya nyuzi 2 na 5. Ikipanda hadi 10 kisha ikashuka baada ya friji kuzimwa na kuwashwa tena, irudishe ukiwa bado ndani ya hizo wiki mbili.